Mashimo Saba ya Stendi ya Nzega

Saa 11 alfajiri, kabla mabasi ya Kahama na Shinyanga hayajaanza kuitana kwa honi, mama wa vitumbua ameshawasha mkaa. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mama," akanijibu bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa akiutazama moto.

Nilikuja na maswali manne ambayo kila mlaji wa barabarani huwa nayo: ni safi, kinashibisha, ni kitamu, bei yake ni ya haki? Nilikaa kwenye benchi lake hadi jua lilipochomoza.

Unga hauanzii hapa. Mchele, kilo 2 za mpunga wa mbuga za huku huku, ameuloweka tangu jioni. Usiku wa manane ameusaga kwa blenda pamoja na iliki. "Usipolowana vizuri, mwanangu, utatafuna chenga," alisema, akanionyesha kwa kusugua tone la uji kati ya vidole viwili. Nazi hapa husafiri kutoka pwani na bei yake ni ya msafiri, hivyo yeye hutumia maziwa ya ng'ombe. Mchele wenyewe si mgeni: ulilimwa kuzunguka Tabora tangu karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikipita njia hii.

Hamira aliitia saa 9 usiku. Ndani ya ndoo uji umeumuka, una vipovu vidogo juu, na ukiinamisha pua unasikia utamu, si uchachu. Joto la Nzega halina huruma: uji uliokaa mno hunywea, vipovu vikazama, na kitumbua chake huwa bapa chenye ukali wa togwa iliyopitiliza. Ndiyo maana hapiki zaidi ya ndoo moja.

Chuma chake kina mashimo saba. Alikisubiri kipate moto, akapangusa kila shimo kwa kitambaa safi, akatia mafuta kijiko kimoja kimoja. Kisha alidondosha tone la uji. Lilitulia kimya. Akasubiri. Tone la pili lilichacharika, likapanda juu. Hapo ndipo alipochukua upawa. Lakini kabla ya kumimina alitoa makaa mawili kwa koleo, akayaweka pembeni. Hapa ndipo wengi huharibu. Moto ukiwa mkali, nje hugeuka kahawia mapema na ndani hubaki uji mbichi.

Upawa mmoja, shimo moja, bila kurudia. Ukingo ulipokauka na katikati kutoboka vitundu, alichomeka njiti ya chuma pembeni na kukizungusha kitumbua nusu, kikajilaza chenyewe kwa upande wa pili. Vitumbua saba vya kwanza vilishika kidogo. Aliviweka kwenye sahani yake. Hivyo huvila yeye na kijana wa kubeba maji.

Usafi niliutazama mikononi. Mkono wa kulia hupika, pesa hupokewa na binti yake, na wateja hunawa kwa ndoo yenye koki. Mafuta yalikuwa ya rangi ya asali nyepesi. Yangekuwa yametumika mno yangefanya povu na kutoa moshi mapema. Kasoro nimeiona moja: vitumbua hufungwa kwa kurasa za madaftari ya shule, na wino wa hesabu za mtoto wa mtu ulikuwa umehamia kwenye kitumbua changu. Nilimwambia. Alikitazama, akanibadilishia, akaweka kile cha wino kwenye sahani.

Kuhusu kipimo, muuza dagaa wa jirani aliniazima mizani yake. Vitumbua vitano vya mama vilifika gramu 220. Vitano nilivyonunua meza nyingine, kwa bei ile ile ya shilingi 200 kimoja, vilikuwa gramu 170. Chuma cha pale kina mashimo ya kina kifupi, na jicho la mteja aliyeshuka basini halioni tofauti hiyo.

Tulihesabu naye, yeye kwa vidole. Mchele 5,000, sukari nusu kilo 1,500, mafuta 3,000, mkaa 1,500, maziwa, hamira na iliki 1,500. Jumla 12,500. Ndoo hutoa vitumbua kama 100, yaani 20,000, ukiacha vile vya sahani. Kinachobaki, karibu 7,500, ndiyo malipo ya watu wawili walioamka saa 9. Kwa bei hiyo sina la kudai. Ladha? Ganda linavunjika kwa sauti ndogo, ndani ni laini, sukari ni ya kiasi, na iliki huja mwishoni, baada ya kumeza.

Saa 2 asubuhi ndoo ilikuwa tupu. Chuma hakukiosha kwa sabuni. Alikipangusa na kukipaka mafuta ili kisishike kesho. Kisha alivuta ungo magotini, akamwaga mchele wa kesho, akaanza kuchagua mawe.