Sekunde Tisini Mbele ya Baraza

Ombi la sekunde tisini, yaani hotuba fupi ambayo mwakilishi wa klabu huitoa mbele ya baraza la wanafunzi ili klabu yake itengewe fedha, huhesabiwa na wengi kuwa tawi dogo la ufasaha, na kwa sababu hiyo hukabidhiwa mwanachama mwenye sauti nzuri kuliko wenzake. Hesabu hiyo ina kasoro. Mabaraza mengi ya wanafunzi hayatoi fedha papo hapo. Hujadili na kupendekeza, kisha pendekezo huandikwa katika kumbukumbu za kikao na kupelekwa kwa mkuu wa shule au kwa mwalimu anayesimamia matumizi, ambaye hakuwapo kikaoni na hakusikia sauti ya mtu yeyote. Kinachomfikia ni mstari mmoja wa katibu. Ndiyo maana msemaji stadi huianza kazi yake kutoka mwisho: hutunga kwanza sentensi ambayo angependa katibu aiandike, kisha huipanga hotuba nzima kwa namna ambayo katibu, hata akiwa amechoka na hata kama ombi hilo ni la saba jioni hiyo, atajikuta anaiandika sentensi hiyohiyo.

Chukuliwe mfano wa klabu ya sataranji yenye wanachama 24 na seti nne za mchezo, seti ikiwa ni ubao mmoja pamoja na kete zake 32. Wanachama wanane hucheza na 16 hutazama. Tuseme bei ya seti moja dukani ni shilingi 30,000, na seti ya nne wanachama waliinunua kwa kuchangishana. Ili wote 24 wacheze kwa wakati mmoja zinahitajika seti 12, hivyo zimebaki nane, na ombi ni shilingi 240,000. Sentensi ya katibu, basi, ingesomeka hivi: “Klabu ya sataranji imeomba shilingi 240,000 za kununulia seti nane, ili wanachama wake wote 24 wacheze kwa pamoja.” Humo mna anayeomba, kiasi, kitu kitakachonunuliwa na mabadiliko yatakayoonekana kwa macho, na kila neno la hotuba lisilosaidia mojawapo ya hayo manne linakula muda wa lingine.

Muda wenyewe ni mfinyu kuliko unavyodhaniwa. Mtu anayesema kwa utulivu mbele ya hadhira hutamka takriban silabi nne hadi tano kwa sekunde, na kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani yake, maneno ya lugha hii ni marefu, hata sekunde tisini hazichukui zaidi ya maneno 130 au 150 hivi. Mwenye busara huandika 120 tu, kwa maana kutakuwa na kikohozi, mlango utafunguliwa, na mjumbe mmoja ataomba jambo lirudiwe. Kiasi cha fedha peke yake ni mzigo: “shilingi laki mbili na arobaini elfu” humaliza zaidi ya sekunde tatu, na msikilizaji aliyepewa tarakimu tano mfululizo hatabaki na hata moja. Katika mfano huu tarakimu zinazostahili kutamkwa ni chache mno, nazo ni wanachama 24, wachezaji wanane, seti nane na kiasi kinachoombwa. Bei ya seti moja na hesabu ya kuzidisha hukaa kwenye karatasi anayopewa mweka hazina kabla ya kikao kuanza.

Adui mkubwa wa sekunde hizo ni heshima yenyewe. Mila ya mikutano katika Afrika Mashariki humtaka msemaji awatambue mwenyekiti, makamu, katibu, walimu walezi na wajumbe, kila mmoja kwa cheo chake, na mtu akiwataja wote kwa utaratibu anaweza kuitoa kafara robo ya muda wake kabla hajasema lolote. Kuacha salamu kabisa, kama wanavyoshauri baadhi ya wapenda ufupi, ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa wajumbe watamwona hana adabu na watasikiliza huku wamenuna. Njia ya kati imekwisha kuzoeleka hata kwenye majukwaa makubwa: “Mheshimiwa mwenyekiti, itifaki imezingatiwa.” Kwa maneno hayo manne vyeo vyote vimeheshimiwa bila kutajwa. Shukrani kwa nafasi ya kuzungumza nazo zaweza kusubiri, na historia ya klabu haina haja ya kusemwa kabisa.

Baada ya salamu huja upungufu, na hapa ndipo penye ufundi. Msemaji dhaifu huanza kwa kuusifu mchezo: sataranji hunoa akili, hufunza subira, huleta nidhamu. Huenda ni kweli, lakini klabu ya mdahalo itasema hivyohivyo dakika mbili baadaye, na klabu ya mazingira itafuata, hata sifa zote zifutane mbele ya wajumbe. Msemaji stadi husema: “Kila Jumatano wanachama 24 wa klabu ya sataranji huja kucheza. Wanane hucheza. Waliobaki hutazama.” Kisha hunyamaza kidogo. Mjumbe ambaye hajawahi kushika kete ameshaliona tatizo, na hahitaji kuaminishwa thamani ya mchezo, kwa kuwa watu 16 wanaorudi kila wiki kukaa bila kucheza ni ushahidi tosha wa thamani hiyo. Hapo kiasi hutajwa, mapema, kabla ya katikati ya hotuba, na hurudiwa mwishoni kwa maneno yaleyale bila kubadilishwa hata kidogo, maana katibu aliyesikia kiasi kikisemwa kwa namna mbili ataandika mojawapo kwa kubahatisha.

Sehemu inayobaki ni ya uangalizi: seti zitafungiwa kabati gani, nani ana ufunguo, na stakabadhi, yaani karatasi ya dukani inayothibitisha malipo, itamfikia mweka hazina lini. Vijana wengi huiruka sehemu hii kwa kuiona haina mvuto, ilhali ndiyo anayoingojea mtu wa fedha kuliko nyingine yoyote. Seti ya nne iliyonunuliwa kwa mchango hutajwa papo hapo, kwa sentensi moja, bila majigambo.

Kipimo cha hotuba si kioo wala makofi ya wanaklabu. Hotuba husomwa kwa sauti, msemaji akiwa amesimama na saa ikihesabu, mbele ya mwanafunzi asiye mwanachama, kisha mwanafunzi huyo huombwa aandike sentensi moja ya alichosikia. Akiuliza, “Kwani mnataka shilingi ngapi?”, hotuba irudi mezani. Akiandika kwamba klabu inahitaji msaada, kasoro ni ileile.

Jambo moja huachwa nje ya hotuba kwa makusudi, nalo ni kiasi cha chini ambacho klabu ingekikubali, kwa sababu baraza lililosikia viasi viwili litakiandika kidogo bila mjadala. Hata hivyo jibu lake liwe tayari kichwani, kwani mweka hazina atauliza itakuwaje wakipewa nusu. Kwa shilingi 120,000 zitapatikana seti nne, jumla zitakuwa nane, wanachama 16 watacheza na wanane watapokezana nao. Msemaji asiyekuwa na hesabu hiyo atafanyiwa na mjumbe asiyecheza sataranji, na mjumbe huyo anaweza kupendekeza zinunuliwe kete nane na mbao mbili.