Daftari Kwanza, Mwenyewe Baadaye

Mtafiti mzoefu akiulizwa mtu mashuhuri alizaliwa lini na wapi, hupata jibu upesi. Hufungua ensaiklopidia inayoaminika, au ukurasa wa mtu huyo kwenye Wikidata, ambako P569 ni tarehe ya kuzaliwa na P19 ni mahali. Umahiri wake huonekana baada ya hapo: haridhiki na tarehe, hutazama chini yake imetoka wapi.

Chukua Ludwig van Beethoven. Vitabu makini havisemi alizaliwa tarehe fulani. Vinasema alibatizwa Bonn tarehe 17 Desemba 1770. Ndivyo linavyosema daftari la ubatizo la Parokia ya Mtakatifu Remigius. Tarehe 16 inayotajwa mara nyingi ni makisio tu, kwa kuwa watoto wa Kikatoliki mjini humo walizoea kubatizwa siku moja baada ya kuzaliwa. Anayejua kazi yake huandika “alibatizwa” na kuliacha hivyo.

Beethoven mwenyewe aliamini amezaliwa mwaka 1772. Mwaka 1810 alimwomba rafiki yake Wegeler amtafutie cheti cha ubatizo, akamtahadharisha kwamba alikuwepo kaka aliyemtangulia, naye akiitwa Ludwig. Cheti kilipofika kikionyesha 1770, alikikataa, akidhani ni cha huyo kaka. Lakini daftari lina majibu: Ludwig Maria alibatizwa Aprili 1769 na akafariki baada ya siku chache. Cheti cha Desemba 1770 hakiwezi kuwa cha kaka huyo.

Hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu. Mtafiti hamwamini mtu mashuhuri kuliko karani wa parokia, kwa sababu karani aliandika siku ileile, bila kujua mtoto yule angekuja kuwa nani. Mwenye siku ya kuzaliwa hakumbuki alivyozaliwa; anarudia aliyoambiwa. Basi rekodi ya wakati ule hutangulia, kisha barua na kumbukumbu za familia, kisha wasifu unaotaja chanzo chake. Kurasa kumi zinazonakiliana huhesabiwa kuwa shahidi mmoja.

Hata daftari lina mpaka wake. Linathibitisha ubatizo na parokia, halionyeshi nyumba. Ndiyo maana nyumba ya mtaa wa Rheingasse, ambako familia ilihamia baadaye, iliwahi kudaiwa kuwa ndipo alipozaliwa. Leo inayotambuliwa ni ile ya Bonngasse, ambayo sasa ni makumbusho.

Ukikuta tarehe ya kuzaliwa, uliza kwanza nani aliiandika na aliiandika lini. Ikiwa chanzo kimesema “alibatizwa”, usikibadilishe kiwe “alizaliwa”.