Friji ya jirani: kupima kapsheni ya shukrani

Chukua kapsheni hii: "Nimebarikiwa sana. Nashukuru kwa familia, marafiki na uzima." Iondoe chini ya picha ya meza ya sikukuu, uiweke chini ya picha ya harusi, kisha ya mahafali, kisha ya mtoto aliyezaliwa jana. Inakaa kote bila kutikisika. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachotumia, na mara nyingi sihitaji kingine. Kapsheni nzuri ya shukrani ikihamishwa kwenye picha ya mtu mwingine hugeuka uongo.

Marekani kipimo hiki kina ukali wake, kwa sababu watu wote huandika siku moja. Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba; sheria iliyoifunga hapo ni ya mwaka 1941, ingawa Rais Lincoln alikwisha kuitangaza kitaifa tangu 1863. Jioni hiyo ukifungua simu unakutana na bata mzinga baada ya bata mzinga, na chini yao maneno yale yale mawili, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ndugu zetu walioko huko wameipokea sikukuu hiyo kwa namna yao, bata mzinga upande huu na sinia la pilau na kachumbari upande ule, lakini kapsheni wameichukua kama walivyoikuta.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili kina chombo cha kazi hii, tena kimo ndani ya kitenzi. Tazama "nimebarikiwa". Ni kauli ya kutendwa, na aliyetenda hayumo. Tazama "nashukuru": hakuna kiambishi cha anayeshukuriwa. Sema "nakushukuru" au "namshukuru" na papo hapo msomaji anataka kujua ni nani. Halafu ipo kauli ya kutendea, ambayo mimi naiona ndiyo sarufi yenyewe ya fadhila. "Alipika" ni habari tu. "Alinipikia" tayari ni shukrani, kwa kuwa silabi mbili zimetuambia kwamba kazi ilikuwa yake na faida ikawa yangu. Alinibebea, alinishonea, alinitunzia, alinisubiria. Ninapopewa kapsheni niisome, hutafuta kwanza kitenzi cha namna hiyo. Kisipokuwepo, najua mwandishi bado hajakumbuka jambo lenyewe.

Mwaka juzi rafiki yangu anayeishi Minneapolis alinitumia picha na kapsheni yake kabla hajaiweka. Picha ilikuwa nzuri: bata mzinga mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva vizuri, watu wanane, madirisha yenye ukungu wa baridi. Kapsheni ilikuwa ile niliyoanza nayo hapo juu, karibu neno kwa neno. Sikumwambia ni mbaya. Nilimpigia nikamuuliza, "Huyo bata alifikaje mezani, dada?"

Akacheka, akaanza kusimulia. Bata mwenyewe alikuwa wa kilo 7 hivi, amegandishwa kama jiwe. Ndege wa ukubwa huo huyeyuka taratibu ndani ya friji, siku moja nzima kwa kila kilo 2 au pungufu kidogo, kwa hiyo wa kuliwa Alhamisi lazima atoke kwenye friza tangu Jumapili. Friji yake ilikuwa imejaa masufuria ya wageni. Dada mmoja wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, akamwambia amletee. Akamhifadhia. Jumatano usiku rafiki yangu alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee; saa 12 alfajiri yule jirani akampaka bata viungo, akamwingiza kwenye oveni yake mwenyewe. Rafiki yangu aliposhuka kwenye basi saa 1 na nusu, harufu ilimpokea ngazini.

Nikamwambia: andika hayo hayo. Tukapata hii:

"Bata mzinga huyu alilala kwenye friji ya dada wa ghorofa ya chini tangu Jumapili, maana yangu ilijaa. Leo alfajiri, nikiwa bado zamu, akanipakia viungo, akaniokea. Nimenusa chakula changu ngazini, kabla sijafungua mlango. Dada, ahsante."

Angalia kilichobaki. "Jumapili" inafanya kazi kubwa kuliko "sana" yoyote, kwa kuwa anayejua kupika ataelewa mara moja kwamba mtu alijinyima nafasi kwenye friji yake siku nne. Vitenzi viwili vya kutendea vimebeba shukrani yote, na neno la ahsante limekuja mwisho likiwa na mtu wa kulipokea. Na hakuna tulichosema ambacho picha tayari inakionyesha. Mezani watu wanaonekana wanane, hakuna haja ya kuandika "familia na marafiki". Friji, ngazi na harufu havimo kwenye picha, kwa hiyo hivyo ndivyo vya kuandika.

Sentensi ya kwanza nayo ilichaguliwa kwa sababu. Instagram huonyesha takriban herufi 125 za mwanzo, kisha hukata, na wengi hawabonyezi kusoma zaidi. Sentensi ya friji haifiki herufi 110, nafasi zikihesabiwa. Ukifungua kwa "Katika siku hii ya pekee ningependa kuchukua nafasi hii", umetumia karibu nusu yake ukiwa bado mlangoni.

Maelezo mahususi nayo yana namna zake za kuharibika. Inayoonekana haraka ni bei: anayetaja alichotumia kwenye meza anajisifu, na msomaji huhisi. Nyingine ni orodha ya majina kumi, ambayo haimshukuru yeyote ila inamuumiza wa kumi na moja. Lakini iliyo mbaya zaidi ni ile inayotoka kwa moyo mwema. Rafiki yangu alitaka kuongeza kwamba jirani alifanya yote hayo "ingawa yeye mwenyewe hana kazi tangu Agosti". Ni kweli, na inakuza wema wake, ila ni siri yake. Nilimwomba aitoe. Jambo la mtu mwingine halitumiki kuipamba shukrani yako mpaka akuruhusu, hata likiwa ndilo jambo zito kuliko yote unayoyajua. Kila ninapokutana na kapsheni ya shukrani inayotaja ugonjwa, deni au karatasi za uhamiaji za mfadhili, naishusha daraja hata kama imeandikwa kwa ufundi.

Akaniuliza basi Mungu amwache? Hapana, na hapa siko pamoja na wanaotaka kulifuta neno baraka kabisa. Kwa mwenye imani, "namshukuru Mungu" ni tamko, tena lina kiambishi chake na linajua linamwendea nani. Tatizo ni mahali linapowekwa. Likitangulia peke yake, msomaji analipita kama salamu. Likija baada ya friji na ngazi, linasimama juu ya kitu. Yeye aliliweka baada ya "Dada, ahsante", mstari wake peke yake: "Mungu akuongezee nafasi." Mimi nisingelipata hilo. Jirani alilisoma akiwa jikoni kwake, akapanda kuomba arudishiwe sinia la oveni.