Ikisiri ya Titresheni ya Siki: Namba Ipi Iandikwe?

Chukua ikisiri kama hii ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Tulifanya titresheni ya siki kwa kutumia bureti. Matokeo yalikuwa 21.35 mL. Jaribio lilifanikiwa." Hakuna uongo ndani yake, lakini msomaji haambiwi chochote kuhusu siki.

Hizo 21.35 mL ni ujazo wa haidroksaidi ya sodiamu uliotoka kwenye bureti. Ukiongeza ukali wa myeyusho huo mara mbili, siki ileile itakupa ujazo wa nusu yake. Swali la jaribio lilikuwa jingine: siki hii ya dukani, iliyoandikwa 5%, ina asidi asetiki kiasi gani? Namba ya ikisiri lazima ijibu swali hilo.

Tuifuate. Haidroksaidi ya 0.1000 mol/L, kwa ujazo wa 0.02135 L, ni mol 0.002135. Asidi na besi hapa huungana kwa uwiano wa 1:1, kwa hiyo asidi nayo ni mol 0.002135 ndani ya 25.00 mL za siki iliyozimuliwa, yaani 0.0854 mol/L. Siki ilizimuliwa mara 10, basi ile ya chupani ni 0.854 mol/L. Wengi huisahau hatua hii ya mwisho. Dalili yake ni rahisi kuiona: jibu litakuwa kama 0.5%, wakati lebo inasema 5%.

Sasa ikisiri inaandikika:

"Lengo lilikuwa kupima asidi asetiki katika siki ya dukani yenye lebo ya 5%. Siki ilizimuliwa mara 10, kisha mafungu ya 25.00 mL yakapimwa kwa haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1000 mol/L, fenolfthalini ikiwa kiashiria. Mkolezo wa siki ya awali ulikuwa 0.854 ± 0.005 mol/L, sawa na gramu 5.13 kwa kila mL 100. Kikikadiriwa hadi namba nzima, kiasi hiki kinakubaliana na lebo."

Naona kiashiria kinastahili nafasi yake hapo. Asidi asetiki ni dhaifu, na inapokwisha kabisa pH huwa karibu 8.7, ndani ya eneo ambalo fenolfthalini hugeuka waridi. Methili ya chungwa hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, mapema mno. Msomaji akiiona hapo ataikataa namba mara moja.

Hitimisho nalo lisivuke kipimo. Haidroksaidi haichagui asidi: chochote chenye uchachu ndani ya siki kimehesabiwa pamoja. Kwa siki ya matunda, yenye asidi nyingine kidogo, ningeandika "asidi yote, ikihesabiwa kama asidi asetiki".