Mizani Iliyo Sawa Chini ya Uluguru

Mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, kaskazini mwa mkoa wa Morogoro hutabiriwa kabla hazijaanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wake, na kabla ya hapo wataalamu wa Pembe ya Afrika hukaa pamoja kwenye jukwaa la kikanda lililoanza mwaka 1998. Mezani wana modeli za vituo vingi: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Marekani, Japani. Hazikubaliani. Mtabiri mzuri hujulikana kwa anavyoushughulikia mgongano huo, na mimi hupendezwa zaidi na yale anayojizuia kuyafanya.

Kwanza hachanganyi milimita mbichi. Matokeo ya modeli hizi kwa kawaida hutolewa kwa miraba yenye upande wa kilomita 110 hivi, na safu nzima ya Uluguru humezwa ndani yake. Kinole na Tegetero, mashariki, hupokea upepo wa Bahari ya Hindi uliojaa unyevu, huku mji wa Morogoro ukikaa upande wa pili ambako mvua ni haba zaidi. Modeli haioni tofauti hiyo. Kwa hiyo kila moja hulinganishwa na historia yake yenyewe: mwaka huu inasema zaidi au pungufu ya kawaida yake, na kwa kiasi gani? Kosa la kudumu huondolewa hapo. Wastani hauwezi kuliponya ikiwa modeli zote zimeinamia upande mmoja.

Kisha huja swali la uzito. Akili ya haraka inasema modeli bora ipewe sauti kubwa. Mwaka 1969 Bates na Granger walionyesha jinsi ya kukokotoa uzito unaofaa kutokana na makosa ya nyuma, na kwenye karatasi hesabu yao haina dosari.

Tuchukue mfano wa kubuni wa modeli mbili za vuli. Ya kwanza hukosea kwa kawaida milimita 50, ya pili 55, na makosa yao hufuatana sana, kwa kiwango cha 0.8, maana zote zinatazama bahari ileile. Tungejua namba hizi kwa hakika, uzito bora wa modeli ya kwanza ungekuwa 0.73, na kosa la mchanganyiko lingekuwa milimita 49.2. Tukigawa nusu kwa nusu tunapata 49.8. Ujuzi kamili, basi, unatupatia milimita 0.6. Haijazi hata kisoda.

Lakini hatuzijui. Tunazikadiria kutokana na utabiri uliorudiwa kwa miaka iliyopita, na kipindi kinachotumiwa sana ni 1993 hadi 2016: vuli 24 tu. Kwa misimu 24, ule uzito wa 0.73 hukadiriwa ukiyumba kwa 0.3 hivi kila upande. Sampuli moja itakwambia 0.4, nyingine 1.0, mara mojamoja itavuka moja, yaani modeli ya pili itapewa uzito hasi, jambo ambalo mtabiri mwenye uzoefu akiliona hucheka na kufunga faili. Ukijumlisha mayumbo hayo yote, uzito uliokokotolewa kwa bidii unaleta kosa la milimita 50.3 hivi. Umeshindwa na nusu kwa nusu. Umeshindwa hata na modeli ya kwanza ikiwa peke yake.

Hapa ndipo ulipo uzuri wa mizani iliyo sawa. Haina cha kukadiria, kwa hiyo haiyumbi. Inakubali kupoteza kidogo kinachojulikana ili isipoteze zaidi kwa kubahatisha. Katika mfano wetu ingehitajika misimu 42 hivi ndipo uzito wa kukokotoa uanze kuifikia, na kuirefusha historia ni kurudi kwenye miaka ambayo vipimo vya joto la bahari vilikuwa vichache. Modeli moja ikiwa dhaifu waziwazi, tuseme kosa lake ni maradufu ya nyenzake, basi itolewe. Kuchuja ni uamuzi wa ndiyo au hapana, na hauhitaji data nyingi kama kupima robo na theluthi.

Kinachobaki ni ile 0.8. Kwa modeli zinazokosea milimita 50 kila moja na kufuatana kwa kiwango hicho, hata zikiwa mia, kosa la wastani wake halishuki chini ya milimita 45 hivi. Ndiyo maana mtabiri anayeijua kazi hapumbazwi na wingi wa modeli. Akiletewa moja mpya, huanza kwa kuuliza kama hukosea katika miaka ileile ambayo nyingine zilikosea. Yenye kosa kubwa kidogo lakini la miaka tofauti huiweka mezani, na kuipa uzito uleule wa nyingine.