Asilimia za Miaka Mingi Hazijumlishwi: Hesabu ya Kizidishi kwa Takwimu za Simiyu

Mkulima wa Bariadi ameuza pamba na kuweka benki shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kila mwaka riba inaingizwa kwenye akaunti na yeye haigusi. Baada ya miaka mitatu atakuwa na kiasi gani? Hili ndilo swali la kwanza katika karatasi ya mazoezi ya hesabu za fedha ninayoichambua hapa, na namba zake ni za mfano tu.

Wanafunzi wengi huzidisha 8 kwa 3, wakapata asilimia 24, kisha wakaandika 2,480,000. Kosa linaonekana tukienda mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza riba ni 160,000. Mwaka wa pili asilimia 8 haikokotolewi tena kwenye milioni mbili bali kwenye 2,160,000, kwa hiyo riba ni 172,800. Mwaka wa tatu inafika 186,624. Jumla ni 2,519,424. Yule aliyejumlisha asilimia amempunja mkulima shilingi 39,424, ambazo ni riba iliyozaliwa na riba.

Kizidishi kinafupisha safari hiyo. Fedha yote ni asilimia 100. Ikiongezeka 8 inakuwa 108, yaani 1.08 ya ilivyokuwa. Kila mwaka unaopita ni kuzidisha kwa 1.08 mara moja zaidi. Kwenye jedwali la kompyuta unaandika hivi:

```
=2000000*1.08^3
```

Kosa linalojirudia hapa ni kuandika 1.8. Kulitambua ni rahisi: 1.8 ina maana fedha imeongezeka asilimia 80 kwa mwaka mmoja, na swali linasema 8 tu.

Kinachopungua nacho kina kizidishi chake, ila kiko chini ya 1. Tuseme kilo ya pamba ilikuwa shilingi 1,000, bei ikapanda asilimia 20, msimu uliofuata ikashuka asilimia 20. Wengi husema imerudi palepale. Zidisha 1.2 kwa 0.8 upate 0.96: kilo sasa ni shilingi 960. Ile 20 ya kushuka imekatwa kwenye 1,200, si kwenye 1,000. Ili bei iliyoshuka asilimia 20 irudi ilipokuwa, lazima ipande asilimia 25, kwa kuwa 1 ukigawa kwa 0.8 unapata 1.25.

Sehemu ngumu ya karatasi ni kurudi nyuma: unajua mwanzo na mwisho, unatafuta asilimia ya kila mwaka. Kwa hili hatuhitaji namba za kubuni. Sensa ya Agosti 2012, mwaka uleule mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, ilihesabu humo watu 1,584,157. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu 2,140,497. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata 1.3512, yaani ongezeko la asilimia 35.1 kwa miaka kumi.

Kishawishi ni kugawa 35.1 kwa 10 na kujibu asilimia 3.51. Jaribu jibu hilo: anza na watu wa 2012, zidisha kwa 1.0351 mara kumi. Utafika karibu 2,237,000, watu zaidi ya 96,000 ambao sensa haikuwaona. Njia sahihi ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe mara kumi inatoa 1.3512, yaani kipeo cha moja ya kumi:

```
=(2140497/1584157)^(1/10)
```

Jibu ni 1.03056, takriban asilimia 3.06 kwa mwaka. Usikate desimali mapema. Ukibakiza 1.03 tu kisha ukaizidisha mara kumi, utapata watu 2,128,975, pungufu kwa zaidi ya 11,000. Kupunguza desimali ni kazi ya mstari wa mwisho.

Mipaka ya njia hii ni miwili. Kwanza, asilimia 3.06 ni wastani. Haituambii kwamba kila mwaka watu wa Simiyu waliongezeka kwa kiwango hicho hicho. Pili, kipeo kinafaa tu pale ongezeko linapobaki ndani ya mtaji. Hatifungani ya serikali, kwa mfano, humlipa mwenye nayo riba kila miezi sita kwenye akaunti yake, na mtaji unabaki uleule. Akiitumia riba hiyo, hesabu yake ni ya kujumlisha. Akiiwekeza upya, ndipo kizidishi kinapoanza kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kipeo chochote kwenye karatasi, uliza swali moja: riba ya mwaka huu inabaki ndani, au inatoka? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama utazidisha au utajumlisha.