Kijito cha Ilula: swali moja, alama 15, na mahali zinapopotea

Ilula, mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, inajulikana kwa nyanya. Matenga yake hupakiwa kwenye malori kuelekea Dar es Salaam, na nyanya zilizopondeka huachwa zioze. Mashambani, mkulima hutia mbolea na kupulizia dawa, hasa msimu wa mvua ukungu unapoingia. Maji yanayotiririka kutoka huko hushuka mabondeni hadi Bonde la Rufiji. Kwa mtunzi wa mtihani wa utimilifu wa kidato cha nne, hapo kuna swali zuri la uchafuzi wa maji, kwa sababu vyanzo viwili tofauti kabisa vimekaa karibu karibu.

Ugumu uko katika kulitunga swali hilo ili aliyekariri orodha ya vyanzo vya uchafuzi asilingane na aliyeelewa. Ukiuliza "Taja athari tano za uchafuzi wa maji", wote wawili watapata alama sawa. Swali lifuatalo linampa mtahiniwa takwimu na kumtaka azisome. Takwimu zenyewe zimebuniwa kwa ajili ya mtihani, hazikupimwa katika kijito chochote.

Swali (alama 15). Sampuli za maji zilichukuliwa saa 1 asubuhi, siku moja baada ya mvua, katika vituo vitatu vya kijito. Kituo A kiko juu ya mashamba ya nyanya, B kiko chini ya mashamba, na C kiko chini ya soko na makazi.

| Kipimo | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Oksijeni iliyoyeyuka (mg/L) | 7.2 | 6.6 | 2.9 |
| Nitrati (mg/L) | 2 | 18 | 11 |
| Bakteria wa kinyesi (kwa mL 100) | 4 | 60 | 2,400 |

(a) Bainisha aina kuu ya uchafu ulioingia kati ya A na B, na kati ya B na C. Toa ushahidi kutoka kwenye jedwali. (alama 4)
(b) Maji ya kituo B yakikusanywa kwenye bwawa la kumwagilia, eleza hatua kwa hatua jinsi mbolea iliyomo inavyoweza kusababisha samaki kufa. (alama 5)
(c) Pendekeza njia moja ya kudhibiti kila chanzo, na ueleze inavyofanya kazi. (alama 4)
(d) Mwanafunzi amesema maji ya kituo A ni salama kunywa. Toa hoja mbili za kumpinga. (alama 2)

Hata takwimu za kubuni lazima zifuate tabia ya maji. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni karibu miligramu 9 kwa lita. Kwenye mwinuko wa mita 1,400, hewa ikiwa nyepesi, kiasi hicho hakifiki 8. Kwa hiyo 7.2 ya kituo A ni maji mazima ya nyanda za juu, na mtunzi akiandika 9.5 atakuwa ameweka kijito kisichowezekana. Saa ya kupima nayo ina sababu. Mchana mimea ya majini hutengeneza oksijeni na kuficha tatizo, na alfajiri ndipo upungufu huonekana wazi.

Katika sehemu (a), mwongozo wa usahihishaji unatoa alama 1 kwa aina ya uchafu na alama 1 kwa ushahidi, mara mbili. Kati ya A na B imeingia mbolea: nitrati imepanda kutoka 2 hadi 18 huku oksijeni ikishuka kidogo tu. Kati ya B na C umeingia uchafu unaooza pamoja na kinyesi: bakteria wamepanda kutoka 60 hadi 2,400, na oksijeni imeanguka kutoka 6.6 hadi 2.9. Anayeandika "nitrati imeongezeka" bila kutaja namba hupoteza alama ya ushahidi. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye 11. Wengi wataona nitrati imepungua na kuandika kwamba maji yamejisafisha, ilhali vipimo viwili vingine vinapiga kelele kwamba hali imekuwa mbaya zaidi. Nitrati huweza kupungua kwa sababu maji mengine yamejiunga na kijito au mimea imeitumia.

Sehemu (b) ndiyo inayoangusha watahiniwa wengi. Jibu la kawaida huwa hivi: "Mbolea ni kemikali, ikiingia kwenye maji inakuwa sumu na samaki wanakufa." Jibu hilo linapata alama 1 kati ya 5, ya mbolea kuingia kwenye maji. Mwongozo unataka mnyororo wa hatua tano, kila moja alama 1: mvua husomba mbolea hadi bwawani; nitrati na fosfati hufanya mwani ustawi kupita kiasi na kufunika uso wa maji; mwanga hauifikii mimea ya chini, nayo hufa pamoja na mwani wenyewe; bakteria huozesha mabaki hayo wakitumia oksijeni; oksijeni hupungua na samaki hukosa pumzi.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni ya nne. Mtahiniwa hutoka kwenye mwani moja kwa moja hadi samaki kufa, au huandika kwamba mwani "unamaliza oksijeni". Hapa mwongozo lazima uamue mapema. Ni kweli mwani hutumia oksijeni usiku, kwa hiyo jibu linalotaja usiku lipewe alama ya kupungua kwa oksijeni, ila alama ya bakteria ibaki kwa anayewataja. Na aliyeruka hatua moja asinyimwe alama za zinazofuata ikiwa ni sahihi, maana kosa moja haliadhibiwi mara mbili.

Kwenye (c), "serikali itoe elimu" haipati kitu. Alama 1 ni ya njia na alama 1 ni ya namna inavyofanya kazi. Kwa mashamba, jibu kamili ni kuacha ukanda wa nyasi kandokando ya kijito: nyasi hupunguza kasi ya maji, udongo hutuama, na mizizi hufyonza nitrati kabla haijafika mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingoni, lakini mtahiniwa anayeandika "mita 60" peke yake amepata nusu ya jibu. Kwa soko, nyanya zilizooza zikusanywe na kufanywa mboji mbali na kijito, ili kuoza kutumie oksijeni ya hewani badala ya ile ya majini.

Sehemu (d) inampima mtahiniwa kama ameona kilichomo na kisichomo kwenye jedwali. Bakteria 4 wanatosha kuyakataa maji hayo, kwani Shirika la Afya Duniani linataka asiwepo hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Hoja ya pili inaweza kuwa kwamba kipimo ni cha siku moja tu, au kwamba viuatilifu havikupimwa. Anayesema nitrati ya A ni hatari hapati alama: kiwango cha juu cha shirika hilo ni miligramu 50 kwa lita, na hata 18 ya kituo B iko chini yake.

Kabla mtihani haujachapwa, walimu wawili wasahihishe kila mmoja kivyake nakala zilezile chache za majaribio. Wakitofautiana, tofauti itaonekana zaidi kwenye (b), na dawa yake ni kuongeza ndani ya mwongozo majibu mbadala yanayokubalika, pamoja na yale yanayofanana na jibu lakini hayakubaliki.